Picha mbili za matege kutoka Wete: ipi ya kusubiri, ipi ya kupeleka spitali

Wiki moja ziliniingia picha mbili kwenye simu, zote kutoka Wete kule Pemba, zote kapiga mdogo wangu wa kike, na chini yake kaandika neno moja tu, "Dada, matege?" Ya kwanza ya mwanawe, nimwite Nassra, ana miezi 16 wakati huo. Ya pili mtoto wa wifi yake, nimwite Mudi, miaka 2 na miezi 2. Ukiziweka ubavu kwa ubavu utasema ah kitu kimoja hiki, miguu imepinda kama upinde na kuku anapita katikati. Na ungeniuliza haraka haraka ipi mbaya ningesema ya Nassra, manake ile duara yake ilikuwa kubwa kweli. Kumbe Nassra hakuhitaji hata tone la dawa, na Mudi ndo alokuja kulazwa akakatwa mfupa kabla hajatimiza miaka 4.

Mie kazi yangu fiziotherapia, mwaka wa 11 sasa hapa Unguja, na hizi picha za miguu ya watoto naletewa kila leo, na majirani, na mashoga, na watu wa harusini. Basi nazilinganisha hizi mbili hapa kama nilivyozilinganisha siku ile, ili na wewe ukiwa na picha yako mkononi ujue umo upande wa Nassra au upande wa Mudi.

Jambo moja la lugha kwanza. Sie tukisema matege tunachanganya mambo mawili, kuna matege ile sura tu, magoti yamekaa mbali, na kuna matege ule ugonjwa wa mifupa kulegea kwa kukosa vitamini D au madini ya chokaa, ambao spitali wanauita riketsi. Watoto karibu wote wanapitia ile sura. Ugonjwa ni wa wachache. Mama akiambiwa "mwanao ana matege" anasikia ugonjwa, na bibi akisema "sote tulikuwa na matege" anasema sura, na wote wawili wako sawa ila hawaelewani.

Kwanza picha yenyewe

Picha ya Nassra mdogo wangu aliipiga kasimama wima, simu iko juu, mtoto anakuja mbio, pampasi imejaa, mguu mmoja hewani. Picha hivo ingemfanya hata mchezaji mpira aonekane ana matege. Simu ikiwa juu miguu inafupika na upinde unazidi. Ukitumia ile lenzi pana ya 0.5 vitu vya pembeni vinavutika. Na kubwa kuliko yote ni zile pia za magoti, maana mtoto akigeuza magoti nje huku yamekunjika kidogo, ule mkunjo wa goti unaonekana kwenye picha kama mfupa umepinda kwa upande. Nimeshaona mzazi kalia kwa picha, mtoto akiletwa na kusimamishwa sawasawa miguu iko kama mshumaa.

Nikamwambia arudie. Mvue pampasi, msimamishe ukutani, mwingine amshike mikono mbele, vifundo vya miguu vya ndani vigusane kama vinaweza, magoti yanyooke, na zile pia za magoti zitazame mbele. Nasema pia za magoti, sisemi vidole vya miguu, watu wanakosea hapo kila mara, nitarudi kwenye hilo. Simu iwe usawa wa goti la mtoto, kwahiyo itabidi ukae chini kwenye mkeka, na uende nyuma kama hatua mbili. Piga ya mbele, piga ya nyuma, halafu chukua video fupi anatembea kuja kwako na anarudi. Hiyo video ndo ilonisaidia zaidi kuliko picha zote.

Na pima. Futi kamba ya fundi cherahani inatosha. Vifundo vya miguu vikiwa vimegusana, pima nafasi baina ya magoti. Ikiwa tatizo ni kinyume, yaani magoti yanagongana na miguu chini iko mbali, ile miguu ya iksi, basi magoti yaguse tu bila kubanwa na upime nafasi baina ya vifundo. Andika sentimita na tarehe. Mtoto hakai tulia, najua, mpime mara tatu uchukue ya katikati.

Zilivyorudi zile picha mpya, Nassra kapimwa sentimita 4 magotini. Mudi sentimita 7.

Nassra, miezi 16

Mtoto tumboni anakaa kakunja miguu, mapaja yamefungukia nje na miundi imezungukia ndani, kapandisha mguu huu juu ya huu kama mzee anaekaa jamvini. Miezi kadhaa mifupa inakua katika umbo hilo. Akizaliwa unamuona kabisa kana kwamba anakumbatia mtungi. Sasa akishaanza kusimama, kama mwaka hivi, ndo watu wanaiona, wanadhani kusimama ndo kumempinda. Hapana, ule upinde ulikuwepo toka siku ya kwanza ila mtoto wa kulala nani anamtazama miguu.

Toka hapo mwili una njia yake na watoto wengi mno wanaifuata. Upinde wa nje unaendelea mpaka kama mwaka na nusu, unapungua, na kufika miaka 2 au kuzidi kidogo miguu imenyooka. Halafu haiishii hapo, inapitiliza, inakwenda upande wa pili, magoti yanaanza kugusana, na kilele cha kugongana ni kama miaka 3 mpaka 4. Ndo tena inarudi taratibu, na kufika miaka 7 hivi mtoto ana miguu yake ya utu uzima, ambayo nayo haiko wima kama nguzo, ina mgongano mdogo tu wa ndani ambao ni wa kawaida.

Nassra alikuwa ndani ya njia hiyo bila shida. Umri wake unakubali upinde. Miguu yote miwili imepinda sawa, ukiikunja picha katikati upande mmoja unalala juu ya mwengine. Upinde wake unaanza pajani na kushuka mpaka chini, duara laini, hakuna mahali pamevunjika kona. Video anatembea kwa kuyumba kama bata, lakini goti haliruki. Urefu wake kwenye kadi ya kliniki unapanda na mstari wake. Na zile sentimita 4 ziko chini ya 6, ambayo ndo mpaka wanaotumia madaktari wengi kusema hapa sasa nataka kumuona.

Kingine kilichomfanya aonekane mbaya kuliko alivyo ni vidole vya miguu kutazama ndani. Muundi wake bado umezungukia ndani toka tumboni, kwahiyo mama akimsimamisha vidole vitazame mbele, magoti yanalazimika kutazama nje, na matege yanazidi mara mbili. Ndo maana nasema panga kwa pia za magoti, vidole viache viende vinakotaka.

Nikamwambia mdogo wangu, subiri, piga picha kila miezi 3, mkao ule ule, mahali pale pale. Eksrei usipige, umri huu eksrei ya mtoto mwenye upinde wa kawaida haikwambii kitu, hata huo ugonjwa ninaokuja kuusema kwa Mudi kabla ya miaka 2 daktari mwenyewe hawezi kuutenga vizuri na upinde wa kawaida.

Bi mkubwa wa nyumba hakuridhika. Kila magharibi mafuta ya nazi, anamkanda, anamfunga kanga magotini alale nayo. Kumkanda hakuna ubaya, mtoto anapenda, na miguu iliponyooka sifa zilikwenda kwa mafuta. Kumfunga nilikataa, mtoto analia, ngozi inachubuka na mfupa haunyooki kwa kanga. Na jirani zao walinunua viatu vya kunyooshea kwa pesa nyingi, mtoto miezi 15, navyo vikafanya kazi sawa na mafuta ya nazi, yaani wakati ulifanya kazi wao wakalipa.

Na kuhusu kubebwa ubavuni, na pampasi kubwa, na ati kasimamishwa mapema: mtoto mzima mwenye mifupa mizuri hapindi kwa hayo. Mnawalaumu mayaya bure.

Miezi 20 Nassra alikuwa sentimita 2. Miaka 2 kidole hakipiti. Nikajua nimemaliza kazi, mpaka alipotimiza miaka 3 na miezi 4 ikaingia message nyengine saa tano usiku, "Dada sasa kageuka kinyume, magoti yanagongana anajikwaa, ni yale mafuta yamezidi?" Nilicheka mpaka mume wangu akaamka. Magoti yamegusana, vifundo viko mbali sentimita 6. Umri ni ule ule wa kilele, miguu yote sawasawa, chini ya sentimita 8 ambayo ndo mpaka wa upande huu. Nikamwambia endelea na picha. Juzi juzi katimiza 5 na ni sentimita 3.

Mtoto mnene naongeza neno, kwake hii sentimita ya vifundo inadanganya, mapaja na nyama za magotini zinasukumana na kuitanua miguu chini hata kama mfupa uko sawa. Hapo mtazame zaidi anavyobadilika baina ya picha na picha.

Mudi, miaka 2 na miezi 2

Huyu alitembea na miezi 9, fahari ya ukoo mzima, video zake tunazo sote. Mzito pia, kilo 16 na nusu, juu ya mstari wa juu wa kadi. Mamake alishampeleka mahala akiwa na mwaka na miezi 10, akaambiwa "ataacha mwenyewe" bila kuvuliwa hata suruali. Na huwezi kusema jibu lilikuwa baya kwa umri ule, baya ni kwamba hakuambiwa arudi lini.

Sasa mlinganishe na Nassra. Kwanza umri, miaka 2 imeshapita na upinde, badala ya kupungua, unaongezeka. Mamake alikuwa na picha za sikukuu, Idi ya mwaka ule na ya mwaka wa nyuma yake, kavaa kanzu ndogo akaipandisha, na ukiziweka pamoja unaona bila kuambiwa. Nassra alikuwa anashuka, Mudi anapanda, na hapo peke yake pangenitosha kumpeleka.

Pili, mguu wa kushoto ndo umepinda, wa kulia kidogo tu. Mwili unaokua kikawaida haufanyi upendeleo hivo. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwengine, umri wowote, upinde wowote wa nje au wa ndani, mpeleke.

Tatu, umbo la upinde. Wa Nassra duara laini kutoka pajani. Wa Mudi paja limenyooka, unashuka unafika chini ya goti tu, pale muundi unapoanza, mfupa unavunja kona kuelekea ndani. Kuna kipimo daktari anafanya kwa mkono, anafunika sehemu ya chini ya muundi kwa kiganja, anabaki kutazama paja na ile robo ya juu ya muundi peke yake. Kwa mtoto wa kawaida kipande hicho kinaonekana kimenyooka au kimeelekea nje kidogo, kwa Mudi bado kinaelekea ndani. Unaweza kujaribu kwenye picha kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, lakini usijipe jibu kwa hicho tu, mtoto akiwa kazunguka kidogo kinakudanganya.

Nne, na hii ndo ilonitoa jasho, video. Kila akiukanyaga mguu wa kushoto goti linaruka kwenda nje, kama linapigwa teke kutokea ndani, halafu linarudi. Hatua, tik, hatua, tik. Kuyumba kwa bata ni mwili mzima unakwenda huku na huku, huku kuruka ni goti peke yake na ni kila hatua. Picha ya kusimama haitakuonesha hata siku moja. Ukiiona hiyo usisubiri miezi 3.

Nikamwambia wifi, huyu aonwe na daktari wa mifupa, si wiki ijayo ukipata nafasi, panga safari. Akapanda boti.

Eksrei ilipigwa kasimama, nyonga mpaka vifundo. Daktari akachora mistari juu ya muundi na kupima pembe ya pale juu ulipoinama. Nilivyofundishwa mie, chini ya nyuzi 10 hivi karibu wote wananyooka wenyewe, juu ya 16 wengi wanaendelea kuharibika, na baina ya hapo unasubiri ukimtazama kwa karibu. Mudi kulia 9, kushoto 18. Na pale juu ya muundi upande wa ndani mfupa ulikuwa umeinama chini kama mdomo wa ndege. Ugonjwa unaitwa Blount, kwa jina la Walter Blount, daktari Mmarekani aliyeuandika vizuri mwaka 1937.

Kinachotokea ni hivi. Juu ya muundi, chini kidogo ya goti, kuna tabaka la gegedu ambalo ndo mfupa unakulia. Lile tabaka likibanwa upande wa ndani kwa uzito mkubwa na upinde, upande huo unapunguza kukua, wa nje unaendelea, mguu unazidi kupinda, na ukizidi kupinda ndo upande wa ndani unabanwa zaidi. Gurudumu hilo halisimami lenyewe. Ndo maana unaonekana zaidi kwa watoto waliotembea mapema na wazito, na zaidi kwa watoto wenye asili ya Kiafrika kuliko wengine. Lakini usimtie mama makosani, watoto wa miezi 9 wanaotembea tunao tele na miguu yao mizuri. Mamake Mudi alilia ati mie ndo nilomshika mikono atembee. Hukumpinda wewe.

Alifungiwa brasi, kifaa cha kuushikilia mguu, toka paja mpaka chini anapotembea. Miezi ikapita, kwenye joto la Disemba mtoto anaichukia, bibi anamvua wakipishana mlango, na hata kwa wanaoivaa vizuri si wote inawasaidia. Eksrei ya mwaka mmoja baadae pembe haikupungua. Daktari hakutaka kungoja tena, kwa ugonjwa huu wanapenda kuunyoosha mfupa kabla mtoto hajafika miaka 4, kwa sababu ukishachelewa lile tabaka la ndani linaweza kuziba kabisa likawa mfupa, halafu unamnyoosha leo na mwakani kapinda tena. Basi ukakatwa muundi chini ya goti, ukanyooshwa na kupitilizwa nje kidogo kwa makusudi, plasta ndefu wiki kadhaa. Sasa anakimbia. Anarudi kupimwa mpaka amalize kukua, hilo mamake kaambiwa toka mwanzo.

Hao ambao si Nassra wala si Mudi

Kuna wa tatu hakuwemo kwenye zile picha ila lazima nimtaje, manake kwa picha ya mbele anafanana na Nassra kabisa. Miguu yote miwili, sawa, duara. Ni yule wa riketsi. Huyu humjui kwa miguu, unamjua kwa mwili mzima. Vifundo vya mikono vimenenepa kana kwamba kavaa bangili chini ya ngozi. Mbavu mbele ukizipapasa zina vifundo vimepangana kama chembe za tasbihi. Utosi bado uko wazi mwaka na nusu umepita. Meno yamechelewa, kutembea kumechelewa, ni mfupi, hana nguvu, analalamika ukimnyanyua. Nassra alitembea na mwaka, meno yake manane, vifundo vya mikono vyembamba, kwahiyo sikuwa na wasiwasi.

Watu wananiuliza riketsi Zanzibar, na hili jua? Jua lipo nje, mtoto yumo ndani. Mwenye kufungiwa kwenye fleti kutwa, akitolewa kafunikwa shali juu mpaka chini, jua halimuoni, na la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kioo kinazuia ule mwale unaotengeneza vitamini D. Na hata mwenye kucheza uwani kutwa anaweza kuumwa ikiwa chakula chake ni uji mtupu na wali na muhogo, bila maziwa, bila dagaa, chokaa haipati. Dagaa wale wanaoliwa na mifupa yake ni dawa hasa, wasage umtilie kwenye uji au mchuzi. Lakini ukishaona hizo dalili za mwilini usimtibu kwa dagaa wala kwa chupa ya vitamini uliyonunua dukani, mpeleke apimwe damu na eksrei ya kifundo cha mkono na goti. Kipimo cha dawa kinategemea umri, vitamini D na chokaa huwa vinakwenda pamoja, na kuna riketsi ya kurithi inayotokana na figo kupoteza fosfeti ambayo vitamini D ya kawaida haiitibu. Riketsi ya lishe ikitibiwa mapema miguu mara nyingi inanyooka yenyewe mtoto anavyokua, hilo ndo linalonifurahisha nalo, ni tofauti na Blount.

Na wa bara, Arusha na pande zile, wana matege mengine ya maji na magadi yenye floraidi nyingi. Ikiwa mtoto kakulia huko na meno yana madoa ya kahawia, mwambie daktari.

Sasa kuchagua

Ukiwa na picha yako, jiulize umri kabla ya kitu chengine. Upinde wa nje chini ya mwaka na nusu, miguu sawa, mtoto anakua vizuri, huyo Nassra, picha kila miezi 3. Baina ya mwaka na nusu na miaka 2 endelea na picha lakini sasa unataka kuona inapungua, ikisimama pale pale muoneshe daktari siku ya kliniki. Ikishapita miaka 2 na bado upinde uko wazi au unazidi, usikubali kuambiwa ataacha mwenyewe bila mtu kumvua nguo na kumtazama anatembea.

Magoti kugongana ni kinyume chake. Kabla ya miaka 2 si wakati wake, muoneshe. Miaka 3 mpaka 4 ndo kilele, tulia. Ikizidi kuongezeka baada ya miaka 4 au 5, au miaka 7 imepita na vifundo bado viko mbali zaidi ya sentimita 8, mpeleke. Na ikiwa mguu mmoja umeanza kwenda ndani miezi kadhaa baada ya kuvunjika muundi chini ya goti, hiyo inajulikana, inaweza kutokea hata mfupa ukiwa umeunga vizuri, na wengi inajirudi wenyewe, ila lazima daktari wa mifupa aifuatilie.

Yale ya umri wowote ni mguu mmoja kuliko mwengine, kuchechemea, maumivu, goti kuruka, ufupi usioeleweka, na zile dalili za riketsi. Goti lililovimba la moto na homa hilo si suala la matege tena, hiyo ni leo leo.

Ukienda, kwa Unguja ukiomba rufaa watakupeleka Mnazi Mmoja kwa daktari wa mifupa, chukua kadi ya kliniki ile yenye mistari, picha zako zikiwa na tarehe, na ile video. Daktari ana dakika chache na mtoto ukumbini analia hataki kutembea, video yako ndo itakayomuonesha goti. Ukipelekwa chumba cha eksrei uliza kama mtoto atapigwa kasimama na pia za magoti zikitazama mbele. Mudi ya kwanza walimpiga kalala, mguu umezunguka nje, fundi kapanga kwa vidole, filamu nzima ikatupwa, na wifi akarudi kesho yake na nauli nyengine.